Mantiki ya thamani tatu hatua kwa hatua: sentensi ambayo si kweli wala si uongo, na databesi inaifanyaje

Tuanze na daftari la mfano. Chama cha akiba na mikopo, wanachama 6, kila mtu ana namba, jina, umri, na namba ya mwanachama aliyemdhamini wakati anaingia. Pale ambapo hakuna kilichoandikwa databesi inaweka NULL.

```
namba  jina    umri  mdhamini
1      Asha    52    NULL
2      Juma    34    1
3      Neema   NULL  1
4      Baraka  22    2
5      Zuhura  41    3
6      Hamisi  NULL  NULL
```

Chama kinataka kutoa mkopo wa vijana, walio chini ya miaka 35. Unauliza databesi walio chini ya 35 ni wangapi, inakwambia 2. Unauliza wenye 35 na kuendelea, inakwambia 2. Jumla 4. Na wanachama ni 6. Hakuna aliyefutwa, hakuna kosa la kuandika, mashine haijaharibika, na ukirudia mara mia utapata hivohivo.

Neema na Hamisi wamepotelea kwenye thamani ya tatu. Na ukishaelewa walipotelea wapi utaelewa mantiki nzima ya thamani tatu, maana SQL, ile lugha ya kuulizia databesi, ndo sehemu ambayo mantiki hii inafanya kazi kila siku, kwenye mabenki na mahospitali na mashule, na wengi wanaoiandika hawajawahi kukaa chini wakachora majedwali yake hata mara moja. Hebu tuyachore.

Hatua ya 1: Jua "haijulikani" inasema nini hasa

Mantiki tuliyozoea ina thamani mbili, kila sentensi ni kweli au ni uongo, basi. Aristotle mwenyewe aliyetuachia mantiki hiyo alisita kwenye sentensi moja: "Kesho kutakuwa na vita vya baharini." Je leo hii sentensi hiyo ni kweli? Kama ni kweli tangu leo basi vita haviepukiki, kama ni uongo tangu leo basi haviwezekani, na vyote viwili vinaonekana vinapitiliza. Mwaka 1920 Jan Łukasiewicz, mwanamantiki wa Poland, akachukua hatua ambayo ilikuwa ngeni kabisa, akasema tuongeze thamani ya tatu katikati, kwa ajili ya sentensi ambazo bado hazijaamuliwa huku wala kule.

Baadaye, mwaka 1938, Mmarekani Stephen Kleene akaja na majedwali yake kwa sababu nyingine kabisa. Yeye alikuwa anawaza hesabu ambazo mashine inaweza kuzianza isizimalize. Unauliza "je namba hii ina sifa fulani?", mashine inakokotoa, inakokotoa, jibu halitoki. Kwa hiyo thamani ya tatu kwake haikuwa "nusu kweli", ilikuwa "jibu halijapatikana". Hiyo ndo maana iliyoingia kwenye databesi, kupitia E. F. Codd wa IBM, yule aliyebuni databesi za majedwali, ambaye kwenye makala yake ya 1979 aliandika jinsi thamani zisizojulikana zinavotakiwa kushughulikiwa kwa mantiki ya thamani tatu.

Hapa watu wengi wanakosea tangu mlangoni, so naomba tuwe makini. Thamani ya tatu hapa haimaanishi kwamba umri wa Neema ni wa katikati. Neema ana umri wake kamili, labda 29, labda 47, sentensi "Neema ana chini ya miaka 35" ni kweli au ni uongo huko duniani, ila sisi tuliobaki na daftari hatuwezi kusema ni ipi. Ni tofauti na sentensi kama "Juma ni mrefu", ambapo unaweza kuwa unajua sentimita zake zote na bado ukasita. Hiyo ya Juma ni habari ya mipaka ya neno "mrefu" na majedwali ya leo hayakutengenezwa kwa ajili yake, kwa hiyo tuiweke pembeni.

Nitaandika K kwa kweli, U kwa uongo, H kwa haijulikani.

Hatua ya 2: Jenga majedwali mwenyewe, usikariri

Kuna njia mbili za kuyajenga, zote fupi. Ya kwanza ni ya kujaribu. Kila unapokuta H jiulize: ingekuwa K jibu lingekuwaje, na ingekuwa U jibu lingekuwaje? Yakifanana, hilo ndo jibu. Yakitofautiana, jibu ni H.

Chukua "H na U". Ile H ikiwa kweli, "kweli na uongo" ni uongo. Ikiwa uongo, "uongo na uongo" ni uongo. Pande zote uongo, kwa hiyo H na U = U. Maisha ya kawaida yanakubali: mtu akikwambia "Neema ana chini ya miaka 35 na Asha ana chini ya miaka 35", huhitaji kumpigia Neema simu, Asha ana 52, sentensi nzima imeshaanguka. Lakini "H na K" inategemea H itaangukia wapi, kwa hiyo inabaki H.

"Au" ni kinyume chake. "H au K" ni K, maana upande mmoja umeshatosha. "H au U" inabaki H. Na "si H" ni H, hili halina mjadala, kama hujui kitu basi hujui na kinyume chake, ingawa utaona mbele kwamba hapa ndo wengi wanapoumia.

Njia ya pili ni ya namba, nzuri ukiwa na sentensi ndefu. Weka K = 1, H = nusu, U = 0. "Na" inachukua namba ndogo kati ya mbili. "Au" inachukua kubwa. "Si" ni 1 toa namba yenyewe. Basi. Jedwali zima hili hapa, AND ni "na", OR ni "au", NOT ni "si":

```
AND | K H U      OR | K H U      NOT
K   | K H U      K  | K K K      K -> U
H   | H H U      H  | K H H      H -> H
U   | U U U      U  | K H U      U -> K
```

Ila tafadhali ile nusu usiisome kama asilimia 50. Haisemi kuna uwezekano wa nusu kwa nusu kwamba Neema ni kijana. Ni alama tu ya mahali, imekaa katikati ili "ndogo" na "kubwa" zifanye kazi. Nimewahi kuona mtu anajumlisha hizo nusu akitafuta idadi ya vijana, anapata namba ambayo haina maana yoyote.

Kabla hatujaendelea kuna jambo dogo. Majedwali haya ni ya viunganishi, yaani na, au, si. Hesabu za kawaida na ulinganishi ndani ya SQL haviendi hivi, vyenyewe NULL inaambukiza kila inachogusa. `NULL + 5` ni NULL, `NULL * 0` pia ni NULL ingawa sisi tunajua kitu chochote mara sifuri ni sifuri, na `NULL = NULL` haitoi kweli, inatoa haijulikani. Hii ya mwisho inawashangaza watu mpaka uwape mfano: umri wa Neema hatuujui, umri wa Hamisi hatuujui, je wako umri sawa? Hatujui. Ndo maana ukiandika `WHERE umri = NULL` hupati hata mtu mmoja, unatakiwa uandike `WHERE umri IS NULL`, ambayo haiulizi umri ni sawa na nini, inauliza kama kisanduku kiko tupu, na swali la namna hiyo siku zote lina jibu la K au U.

Hatua ya 3: Kokotoa kutoka ndani kwenda nje, na ujue kinachopotea njiani

Sentensi ndefu unaanza na vipande vidogo kabisa, unavipa K, H au U, alafu unapanda kiunganishi kwa kiunganishi. Tufanye kwa Neema na sentensi hii:

```sql
SELECT jina FROM wanachama
WHERE umri < 35 OR umri >= 35;
```

Kipande cha kwanza, umri wa Neema ni NULL, kwa hiyo `umri < 35` ni H. Cha pili vilevile H. "H au H", kubwa kati ya nusu na nusu ni nusu. Jibu H. Neema hatoki kwenye orodha, Hamisi naye hatoki, unapata watu 4.

Sasa hapa simama kidogo, maana kuna kitu hakiko sawa na we mwenyewe unakisikia. Kila mtu mwenye umri ana chini ya 35 au ana 35 na kuendelea. Hatuhitaji kujua umri wa Neema kusema hilo. Ukitumia ile njia ya kujaribu kwa sentensi *nzima*, umweke 29 inatoka kweli, umweke 47 inatoka kweli, hakuna umri unaoifanya uongo. Lakini majedwali yametoa H.

Sababu ni kwamba jedwali linatazama kiunganishi kimoja kimoja. Likifika kwenye "au" linaona H mbili zimekuja mkono wa kulia na wa kushoto, halikumbuki tena kwamba zote zimetoka kwa umri uleule wa mtu yuleyule na kwamba moja ikiwa kweli nyingine lazima iwe uongo. Kumbukumbu hiyo imeshatupwa. Huu ndo mpaka mkubwa wa mantiki hii na ni bei unayolipa ili mashine ikokotoe haraka bila kuwaza. Chukua p iwe sentensi yoyote: "p au si p" ambayo kwenye mantiki ya kawaida ni kweli daima, hapa inakuwa H kila p inapokuwa H. Na "p na si p" ambayo ni uongo daima, nayo inakuwa H.

Kuna waliotafuta njia ya kurudisha kinachopotea. Mwaka 1966 Bas van Fraassen alipendekeza kitu ambacho ni kama ile njia yetu ya kujaribu lakini kwa sentensi nzima: jaza mapengo kwa kila namna inayowezekana, sentensi ikitoka kweli kwa namna zote basi iite kweli. Kwa kichwa chako na daftari la watu 6 njia hiyo inawezekana na ndo bora. Kwa databesi yenye mapengo laki moja kujaribu kila namna haifai, kwa hiyo SQL imebaki na majedwali ya Kleene, na sisi tunaoitumia inabidi tubebe ile kumbukumbu wenyewe.

Łukasiewicz aliona tatizo la aina hii upande wa "kama... basi". Kwake yeye "kama H basi H" ni K, ili angalau "kama p basi p" iendelee kuwa kweli siku zote. Kwa Kleene ni H. Tofauti ni kisanduku kimoja tu cha jedwali, ila ni kisanduku ambacho huwezi kukipata kwa kuchanganya na, au, si kwa namna yoyote ile, maana ukiviingiza H tupu vyote vitatu vinatoa H. Ikitokea unasoma kitabu kinachosema "mantiki ya thamani tatu" bila kusema ya nani, angalia kwanza kisanduku hicho.

Hatua ya 4: Angalia nani anaipokea ile H

Hapa ndo pesa za watu zinapopotea. Mantiki ina thamani tatu lakini kitendo kina mbili: mtu anaingia kwenye orodha au haingii, mstari unakubaliwa au unakataliwa. Mahali fulani lazima H ibanwe iwe moja ya mawili, na SQL inabana tofauti sehemu tofauti.

`WHERE` inataka K. Inachukua mistari iliyotoka kweli tu, H inatupwa pamoja na U. Lakini `CHECK`, ile sharti unayoiweka kwenye jedwali kuzuia data mbaya, inakataa U tu, H inapita pamoja na K. Chama kikiweka sharti kwamba mwanachama awe na miaka 18 na kuendelea:

```sql
CHECK (umri >= 18)
```

mtu akiandikishwa bila umri kabisa anapita. Sharti halijavunjwa, maana haijulikani kama limevunjwa. Mtu aliyeweka hilo sharti anaamini kila mwanachama amethibitishwa ni mtu mzima, kumbe alichozuia ni wale tu waliokiri kwamba ni watoto. Kama unataka umri ujazwe lazima uandike `NOT NULL` pia, hayo ni mambo mawili tofauti.

Kwa upande wa `WHERE`, kosa la kawaida ni kudhani kwamba `NOT` inakupa "wengine wote". Haikupi. `WHERE NOT (umri < 35)` inakupa Asha na Zuhura, basi. Wale wawili wasiojulikana wakiwa H, "si H" ni H, wanatupwa tena. Ukitaka kweli wengine wote, PostgreSQL na MySQL zinakuruhusu kuandika hivi:

```sql
SELECT jina FROM wanachama
WHERE (umri < 35) IS NOT TRUE;
```

Hii inatoa Asha, Neema, Zuhura na Hamisi, watu 4, na ukijumlisha na wale vijana 2 unapata 6. Ona tofauti: `NOT` iko ndani ya mantiki, inapindua K na U na kuiacha H ilipo. `IS NOT TRUE` iko nje, inaitazama thamani iliyotoka na kuuliza "hii ni kweli au siyo?", na hapo H na U zote jibu lake ni "siyo". Kwa Kiswahili chetu ni sawa na tofauti ya "nimethibitisha hana vigezo" na "sijathibitisha ana vigezo". Mkopo unanyimwa kwa ya kwanza. Kwa ya pili mtu anapigiwa simu.

Jinsi ya kugundua kama swali lako linapoteza watu ni rahisi, hesabu pande tatu. Wangapi sharti lako ni `IS TRUE`, wangapi `IS FALSE`, wangapi `IS UNKNOWN` (au `IS NULL`), jumlisha, linganisha na `COUNT(*)`, yaani idadi ya mistari yote. Kama ile ya tatu si sifuri na ripoti yako haiitaji, ripoti yako inasema zaidi ya unachokijua.

Hatua ya 5: Mtego wa NOT IN, tuupitie mstari kwa mstari

Chama kimoja nilichokuwa nakisaidia kilitaka orodha ya wanachama ambao hawajamdhamini mtu yeyote, maana hao ndo walioruhusiwa kudhamini mwanachama mpya. Swali likaandikwa kama ambavyo mtu yeyote angeandika:

```sql
SELECT jina FROM wanachama
WHERE namba NOT IN
  (SELECT mdhamini FROM wanachama);
```

Orodha ikatoka tupu. Na kwa sababu orodha tupu si ujumbe wa kosa, mhusika aliisoma kama jibu, kwamba kila mtu ana mzigo tayari, na kwa wiki kadhaa watu waliofika na wadhamini wazuri tu walirudishwa. Hilo liliniuma, maana hakuna aliyekuwa mzembe pale, swali linasomeka vizuri kabisa.

Tulifungue kwa daftari letu. Swali la ndani linatoa orodha ya wadhamini: NULL, 1, 1, 2, 3, NULL. Tumchukue Baraka, namba 4. `4 NOT IN (...)` ni kifupi cha "si (4 = NULL au 4 = 1 au 4 = 1 au 4 = 2 au 4 = 3 au 4 = NULL)". Weka thamani: si (H au U au U au U au U au H). Ndani ya mabano kubwa ni H. "Si H" ni H. `WHERE` inaitupa. Zuhura namba 5, hivohivo. Hamisi namba 6, hivohivo. Sasa Asha, namba 1: yumo kwenye orodha, kwa hiyo ndani ya mabano kuna K, kubwa ni K, "si K" ni U, anatupwa. Juma na Neema nao wamo, U.

Kwa hiyo kila mtu ni U au H, hakuna K hata mmoja. NULL moja tu kwenye orodha ya `NOT IN` inatosha kufanya swali lisirudishe mtu milele, hata wanachama wakiwa elfu kumi.

Dawa ambayo utaipata kila mahali ni `NOT EXISTS`:

```sql
SELECT w.jina FROM wanachama w
WHERE NOT EXISTS
  (SELECT 1 FROM wanachama d
   WHERE d.mdhamini = w.namba);
```

Hii inatoa Baraka, Zuhura, Hamisi. `EXISTS` inauliza tu kama kuna mstari uliopatikana au hakuna, jibu lake halina H kamwe, na ile H imeshamezwa na `WHERE` ya ndani. Watu wanabadilisha, orodha inajaa majina, wanafurahi, wanafunga kazi.

Mi nakuomba usifunge bado.

Hatua ya 6: Uliza kila kisanduku tupu kiko tupu kwa nini

Rudi kwenye daftari. Asha hana mdhamini kwa sababu ni mwanzilishi wa chama, hakukuwa na mtu wa kumdhamini. Hamisi ana mdhamini, ila fomu yake ilipotea. Vyote viwili vimeandikwa NULL. Codd aliliona tatizo hili, na miaka ya 80 alipendekeza alama mbili tofauti, moja ya "ipo lakini hatuna", nyingine ya "haipo kwa sababu haihusiki", jambo ambalo linakupeleka mpaka mantiki ya thamani nne. SQL haikumfuata, tumebaki na alama moja inayobeba maana mbili.

Na maana hizo mbili zinadai majibu tofauti. "Mdhamini wa Asha ni namba 4" si sentensi isiyojulikana, ni uongo kabisa, hana mdhamini. "Mdhamini wa Hamisi ni namba 4" ndo H ya kweli. Kwa hiyo `NOT IN` ilipokataa kumtaja Baraka ilikuwa na haki upande wa Hamisi na imekosea upande wa Asha. Na `NOT EXISTS` ilipomtaja Baraka na Zuhura kana kwamba ni hakika, ilikuwa na haki upande wa Asha na imekosea upande wa Hamisi. Hakuna kati yao iliyoelewa daftari, maana daftari lenyewe halijasema.

Kwa hiyo liseme. Ongeza kolamu:

```sql
ALTER TABLE wanachama
  ADD COLUMN hali_mdhamini VARCHAR(12);
```

Asha unampa `'hana'`, Hamisi `'haijulikani'`, wengine `'yupo'`. Alafu uliza kwanza kama kuna `'haijulikani'` yoyote kabla ya kuamini orodha ya `NOT EXISTS`. Kama zipo, orodha hiyo iite jina lake halisi, "ambao hatuna kumbukumbu ya kudhamini mtu", usiiite "ambao hawajadhamini mtu".

Sasa tukokotoe kwa mkono, kwa njia ya kujaribu sentensi nzima, kwa kuwa pengo limebaki moja tu. Mdhamini wa Hamisi anaweza kuwa 1, 2, 3, 4 au 5. Hawezi kuwa 6, mtu hajidhamini mwenyewe. Akiwa 1, 2 au 3, walio huru ni Baraka, Zuhura na Hamisi. Akiwa 4, Baraka anatoka. Akiwa 5, Zuhura anatoka. Hamisi yupo kwenye orodha kwa namna zote tano, kwa hiyo "Hamisi hajamdhamini mtu" ni K kamili, ingawa jedwali la Kleene lilitoa H kwake kama kwa wenzake kwa sababu halijui sheria ya kutojidhamini. Baraka na Zuhura ndo H halisi. Asha, Juma na Neema ni U.

Hiyo ndo orodha ya kumkabidhi katibu, ya sehemu tatu: Hamisi aruhusiwe leo, hao watatu wakataliwe, Baraka na Zuhura wasubiri. Na inamwambia pia simu ya kupiga ni moja tu, kwa Hamisi, swali ni moja tu. Tuseme Hamisi anajibu kwamba aliyemdhamini ni Zuhura:

```sql
UPDATE wanachama
SET mdhamini = 5, hali_mdhamini = 'yupo'
WHERE namba = 6;
```

Rudia ile `NOT EXISTS`, sasa inatoa Baraka na Hamisi. Zuhura, ambaye ile dawa ya haraka ilimtaja kuwa huru, hayupo. Na ukirudia `NOT IN` ya mwanzo bado itatoka tupu, kwa sababu NULL ya Asha iko palepale na itaendelea kuwepo, mpaka uongeze `WHERE mdhamini IS NOT NULL` ndani ya mabano.